Kufuta chupa kwenye picha kwa Snapseed, hatua za mwanzo kabisa

Haya jamani, kaeni vizuri, simu ziwe juu ya dawati, leo kwa mara ya kwanza sitamwambia mtu azime simu. Kipindi chetu kifupi kwa hiyo tunafanya kitu kimoja tu. Angalieni hii picha hapa mbele. Kuna rafiki yenu amesimama kwenye nyasi, katabasamu vizuri, mwanga safi, kila kitu kiko poa, halafu chini pale kulia kwa miguu yake kuna chupa ya plastiki imelala. Mpiga picha hakuiona. Sasa hivi kila ukiangalia picha jicho linaenda kwenye chupa kwanza ndo linarudi kwa mtu. Tunaitoa hiyo chupa. Hiyo tu, hatubadilishi rangi, hatumpaki mtu poda.

Apu tunayotumia ni Snapseed, ya Gugo, ya bure kabisa, haina matangazo na haiweki alama yake kwenye picha yako ukimaliza. Ipo ya Androidi na ipo ya aifoni. Imekuwepo tangu 2011 kwa hiyo hata simu iliyochoka choka mara nyingi inaiendesha. Apu zingine za kufuta vitu zipo nyingi tu, ila mkielewa hii mtaelewa na hizo, maana kazi inayofanyika ndani kwa kiasi kikubwa inafanana.

Kabla hamjagusa kitu nataka tuelewane jambo moja maana hapa ndo watu wengi wanapokosea. Neno kufuta linatudanganya. Ukifuta maandishi ubaoni, nyuma yake ubao upo, unauona. Picha haina nyuma. Hiyo picha ni vidoti tu vimepangwa, tuseme 4000 kwenda kulia na 3000 kwenda chini, ukizidisha unapata vidoti milioni 12, ndo ile mnasikia kamera ya megapikseli 12. Pale chupa ilipo kuna vidoti vyenye rangi ya chupa basi. Nyasi zilizokuwa nyuma ya chupa kamera haikuziona na simu haina habari nazo. Kwa hiyo ukiiambia apu toa hii chupa, inachofanya ni kuchukua kipande cha sehemu nyingine ya picha hiyo hiyo, hasa ya karibu, inakileta pale na kulainisha kingo zisionekane.

Ni kama fundi nguo akiweka kiraka kwenye suruali iliyotoboka. Fundi mjanja hatafuti kitambaa kingine, anakata kidogo kwenye pindo la ndani la suruali yenyewe, rangi ile ile, nyuzi zile zile, anashona, usipoambiwa hujui. Ila kama suruali ina mistari na kiraka kikakaa upande, kila mtu atakiona. Shikeni hiyo picha ya kiraka kichwani, nitairudia sana leo.

Na hii kazi si ya jana. Kuna picha maarufu ya Stalini, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, anatembea pembeni ya mfereji na pembeni yake yupo Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri. Yezhov akaja kukamatwa, akauawa 1940, na picha ikatoka tena bila yeye. Hapakuwa na simu wala kompyuta, mtu alikaa na brashi akachora. Na cha kuangalia pale ni kwamba aliyeifanya hakuweza kumwondoa tu mtu akaacha tundu, ilibidi achore maji ya mfereji na ukuta mfupi pale Yezhov alipokuwa amesimama. Yaani kazi kubwa ilikuwa kujaza. Kwenu ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba apu inawajazia ila wewe ndo unaamua ijaze kipande gani na kwa ukubwa gani.

Sawa. Hatua ya kwanza hata Snapseed hujaifungua. Ingia kwenye galari ya simu, tengeneza kopi ya picha, ukimaliza fanyia kazi kopi. Najua mtaona ni uoga, ila mimi nilishawahi kuharibu picha pekee niliyokuwa nayo ya siku moja muhimu sana nyumbani, nikaseivu juu yake, asubuhi naamka naangalia vizuri naona ukuta umekuwa kama umeyeyuka, na ya kwanza sina tena. Toka siku hiyo kopi kwanza.

Hatua ya pili, bado hujafungua apu, iangalie picha kwa sekunde kama 20 hivi bila kugusa. Kwenye hii yetu niambieni mnaona nini pale kwenye chupa. Ndio, chupa. Kingine? Nasikia mtu anasema kivuli. Safi sana, kivuli. Jua lilikuwa linatokea kulia kwa hiyo chupa imelaza kivuli chembamba kuelekea kushoto, na hicho kivuli kimekwenda mpaka kimegusa soli ya kiatu. Ukitoa chupa ukaacha kivuli, mtu ataona doa jeusi kwenye nyasi halina mwenyewe, na hapo ndo picha inagundulika. Kwa hiyo tunachotoa ni vitu viwili, chupa na kivuli chake. Kingekuwa kitu kimekaa juu ya sakafu inayong'aa au karibu na maji, tungetafuta na mwangwi wake, yaani ile sura yake inayojirudia chini. Watu wanasahau sana hiyo.

Halafu angalia majirani. Chupa imezungukwa na nyasi pande 3, juu, chini na kulia. Kushoto kuna kiatu. Nyasi ni rafiki yetu kwa sababu hazina mpangilio, kiraka cha nyasi kikikaa popote kinaeleweka. Kiatu ni adui, maana kina mstari, kina soli nyeupe, na apu ikikosea ikaokota kipande cha kiatu ikakileta kwenye nyasi utapata mtu mwenye viatu 3. Mnacheka ila mtaona wenyewe sasa hivi.

Haya fungueni Snapseed. Katikati kuna alama ya kujumlisha, gusa popote, chagua ile kopi yako. Picha ikifunguka, chini utaona neno Tools, liguse, inapanda orodha ya vitu vingi na vialama vyake. Msihangaike navyo. Shuka kidogo utafute Healing, alama yake inafanana na plasta ile ya kidonda. Kwa wenye aifoni zilizosasishwa, kuanzia toleo la 3 la mwaka 2025 mpangilio umebadilishwa kwa hiyo vitu havijakaa sehemu ile ile, nyie tafuteni tu hilo jina Healing. Ukiligusa, menyu zinapotea, inabaki picha yako na vitu vichache chini: alama ya iks kushoto ambayo ni kughairi, alama ya vema kulia ambayo ni kukubali, na katikati vimishale viwili, cha kurudi nyuma na cha kwenda mbele. Hicho kimshale cha kurudi nyuma ndo rafiki yako mkubwa leo kuliko huyo uliyekaa naye dawati moja.

Sasa kabla sijawafundisha nataka mkosee kwanza. Ndio, makusudi. Picha ikiwa hivyo hivyo nzima kwenye skrini, pitisha kidole juu ya chupa yote na kivuli chake mara moja, kuanzia kulia mpaka kwenye kiatu. Mnaona ukipitisha panakuwa pekundu, ukiinua kidole inafikiri kidogo, halafu chupa inapotea. Umepata nini? Wewe? Kiatu kimeliwa kisigino. Wewe? Kuna kisoli cheupe kinaelea kwenye nyasi, si niliwaambia. Na huyu wa nyuma yake imetoka vizuri, bahati yake, ila zumu uone, hapo kuna ukungu, nyasi hazina ncha tena. Haya wote gusa kimshale cha kurudi nyuma. Chupa imerudi.

Kwa nini ilitokea hivyo? Sababu ya kwanza ni kidole chako kikubwa. Healing haina sehemu ya kubadilisha ukubwa wa brashi, mtaitafuta weee hamtaiona. Brashi inabaki na ukubwa ule ule kwenye skrini, kinachobadilika ni picha chini yake. Tufanye hesabu kidogo tu, msikunje uso. Picha ina vidoti 4000 kwa upana, na tuseme skrini yako imeionyesha kwa upana wa sentimita 7. Maana yake kila sentimita moja imebeba vidoti kama 570. Chukulia alama ya brashi ni nusu sentimita, basi kila ukigusa unafunika vidoti karibu 285. Sasa zumu mara 4, mguso ule ule unafunika vidoti kama 70 tu. Kwa hiyo ukitaka brashi ndogo, unakuza picha. Ukitaka brashi kubwa unaipunguza. Hii ndo siri yote ya hiki kifaa na haijaandikwa popote pale kwenye skrini.

Kuzumu ni vidole viwili, unaviweka kwa pamoja na kuviachanisha. Muhimu vidole vyote viwili viguse kwa pamoja, maana ukitanguliza kimoja apu inadhani umeanza kupaka na utapata kidoa chekundu ambacho hukukitaka. Ikitokea usiogope, rudi nyuma. Ukishazumu, kwenye kona ya chini kushoto kinatokea kiboksi kidogo chenye picha nzima na mraba unaoonyesha uko wapi, ukiuburuza ule mraba unatembea kwenye picha bila kuhatarisha kupaka kitu.

Sababu ya pili ya yale mabalaa ni kwamba mlimpa fundi tundu kubwa mno. Tundu kubwa linataka kiraka kikubwa, na kiraka kikubwa cha nyasi tupu karibu na pale hakipo, kwa hiyo apu ikaenda ikaokota na kiatu ndani yake. Tundu dogo linapata kiraka kidogo, na viraka vidogo vya nyasi vimejaa kila mahali. Kwa hiyo tunakula chupa kidogo kidogo kama mtu anakula muwa, pingili kwa pingili.

Zumu sasa mpaka chupa ijaze kama nusu ya skrini. Tunaanza kulia, upande wa mfuniko, kwa sababu huko ni mbali na kiatu na kumezungukwa na nyasi tupu. Paka mfuniko peke yake, ule wa buluu. Na hapa nisikilizeni vizuri, paka upitilize kidogo, yaani wekundu utoke nje ya mfuniko na uingie kwenye nyasi kiasi cha upana wa jani moja la nyasi hivi. Ukipaka kwa ubahili ukabakisha kamstari kembamba ka buluu pembeni, apu inaona ile buluu ni sehemu ya mazingira, inasema ahaa kumbe hapa kuna buluu, inakuja kulainisha kingo za kiraka kwa kutumia ile buluu, unapata ubuluu ubuluu wa ajabu unaozunguka kama mstari wa kikombe mezani. Hilo kosa nimeliona kwa watu wengi kuliko kosa lingine lolote, na wakishaliona wanaanza kupaka juu yake tena na tena na ndo wanazidi kuharibu.

Inua kidole. Mfuniko umeondoka? Sawa. Kama kilichokuja hakikupendezi, rudi nyuma mara moja upake tena kwa umbo tofauti kidogo, labda uanzie chini badala ya juu, labda upake kipande kifupi zaidi. Sehemu ile ile ukiipaka tofauti mara nyingi inaleta kiraka kingine. Usipake juu ya kiraka kibaya. Kiraka juu ya kiraka juu ya kiraka, kila mara ule ulainishaji unafanyika upya, nyasi zinapoteza ncha zake, na baada ya mara 4 au 5 una uji wa kijani pale. Ukisharudi nyuma unaanza na vidoti vya asili, visivyochakachuliwa.

Sasa shingo ya chupa. Halafu kipande cha tumbo. Halafu kingine. Mimi kwa hii chupa natumia mipako kama 6 hivi, mfuniko mmoja, shingo mmoja, tumbo tatu, kitako kimoja. Si lazima iwe 6, inategemea umezumu kiasi gani. Kinachotokea ni kwamba kila ukitoa kipande, pale panakuwa nyasi, na hizo nyasi mpya nazo zinakuwa akiba ya viraka vya kipande kinachofuata. Ndo maana tulianza mbali na kiatu, ili tukifika kwenye kiatu tuwe na shamba la nyasi safi pembeni yetu.

Simamisheni vidole kwanza. Punguzeni zumu mpaka picha nzima ionekane. Angalieni pale. Kuna mtu anaona kitu cha ajabu? Yule dada anasema kuna majani mawili yanafanana. Hongera kwa jicho. Hilo ni kosa lingine, kujirudia. Apu imekata kiraka kile kile mara mbili, kwa hiyo kuna jani la njano limekaa hapa na pacha wake kakaa pembeni yake, na kibaya ni kwamba binadamu tuna macho makali sana ya kuona vitu vinavyojirudia hata kama hatujui tunaangalia nini. Dawa yake ni rahisi, zumu sana, mguse mmoja wa hao mapacha kidogo tu, yaani mguso mmoja, si kupaka. Anabadilika, pacha kapotea.

Haya twende kwenye kivuli, na hapa ndo kuna kazi. Kivuli kina sehemu mbili, ile iliyo kwenye nyasi tupu na ile inayogusa soli. Ya kwanza ifanyeni kama chupa, kulia kwenda kushoto, ila acheni kama upana wa kidole kwenye skrini kabla ya kiatu. Kivuli kina ujanja wake, ukingo wake hauko wazi kama wa chupa, unafifia taratibu, kwa hiyo mnatakiwa mpitilize zaidi kidogo kuliko mlivyofanya kwenye chupa. Ukiacha ule ukingo unaofifia unabaki na kivuli cha kivuli.

Sasa kile kipande cha mwisho kilichogusana na soli. Zumu mpaka mwisho kabisa, mpaka muone picha inaanza kuwa ya vimraba. Hapo brashi yenu imekuwa ndogo sana ukilinganisha na kiatu. Msipake kuvuka mstari wa soli. Paka sambamba nao, yaani kidole kitembee kwa kufuata soli inavyokwenda, upande wa nyasi tu, vimipako vifupi vifupi, kila kimoja inua kidole uangalie. Sababu ni kwamba wekundu ukigusa soli, apu inahesabu kuwa na soli ni ya kujazwa, na inaweza kujaza kwa nyasi, kisigino kinaliwa. Usipogusa soli inabaki kama ilivyo na kiraka kinaishia pale.

Kidole kinaziba unachokiangalia, najua, wenye vidole vinene kama mimi tunateseka. Vitu viwili vinasaidia. Kwanza geuzeni simu ili ule upande wa kiatu uwe juu ya kidole chako na sio chini yake. Pili kama mtu ana ile kalamu ya skrini aitumie, kama hana, si lazima.

Na kuna kitu kimoja ambacho watu wakishanogewa wanakivuruga. Kiatu nacho kina kivuli chake, kile chembamba cheusi kabisa chini ya soli pale kinapokutana na nyasi. Hicho msikitoe! Hicho ndo kinachomkalisha mtu chini. Mkikifuta rafiki yenu ataonekana amebandikwa kwenye nyasi, anaelea. Kwa hiyo toeni cha chupa, acheni cha kiatu, na kama hamjui mpaka uko wapi, angalieni kiatu cha pili ambacho hakikuguswa na chupa, muone kivuli chake kina unene gani, mkiache hiki nacho kiwe hivyo hivyo.

Mmemaliza? Punguza zumu, angalia. Kama umeridhika gusa alama ya vema kulia chini. Hapo umekubali, na mipako yako yote inageuka kuwa hatua moja. Kwa hiyo kabla ya kugusa vema ulikuwa unaweza kurudi nyuma mpako mmoja mmoja, baada ya hapo ukirudi unarudi Healing nzima. Ndo maana kwenye kazi ndefu mimi nagusa vema mapema, natoa chupa, vema, naingia tena Healing, natoa kivuli, vema. Nikiharibu kivuli chupa yangu haipotei. Na ukiwa nje, juu kuna alama ya matabaka yenye kimshale, ndani yake kuna Undo na View edits, hiyo View edits inakuonyesha kila hatua uliyofanya toka picha ifunguke, unaweza kurudi kwenye yoyote.

Sasa ukaguzi. Ukiwa nje ya Healing, weka kidole juu ya picha na ukishikilie, inaonyesha ya zamani, ukiachia inarudi mpya. Fanya hivyo mara kadhaa haraka haraka. Jicho lako litaona kitu chochote kilichosogea ambacho hakikutakiwa kusogea. Halafu shika simu mbali, urefu wa mkono, kunja macho kidogo. Madoa mara nyingi yanaonekana ukiwa mbali kuliko ukiwa karibu. Halafu mpe mwenzako ambaye hajaona ya kwanza, usimwambie kitu, muulize tu macho yake yameenda wapi kwanza. Akisema kwenye uso umeshinda. Akisema hapa chini pana nini, rudi kazini.

Kuna aliyeuliza pale mwanzo kama anaweza kutoa mtu aliyesimama mbele ya ukuta wa matofali. Jibu fupi ni kwamba utahangaika. Matofali yana mistari, na hii apu haihesabu mistari, inaleta kiraka kinachofanana rangi halafu mistari inakatika, mmoja umepanda juu mwingine umeshuka, ile suruali ya mistari niliyowaambia. Vigae, uzio, madirisha yenye nondo, nguo ya drafti, vyote hivyo hivyo. Niliwahi kukaa karibu saa nzima natoa ndoo iliyokuwa mbele ya dirisha la nondo, kila nikitengeneza nondo moja ya pembeni inapinda, mwisho nikakata tu picha upande ule kwa kutumia Crop, sekunde 5, ndoo imeondoka na dirisha halikuumia. Kwa hiyo kama kitu kipo pembeni ya picha fikirieni kukata kabla ya kufuta, sioni aibu yoyote hapo. Na kama kitu ni kikubwa, tuseme kimekula robo ya picha, nacho muachane nacho, hakuna kitambaa cha kutosha cha kukishonea.

Kamba au waya angani je? Hiyo ni rahisi mpaka raha, anga halina mistari, ila msivute kidole waya mzima kwa mpigo, katakata vipande, na pale waya unapokutana na kichwa cha mtu fanyeni kama tulivyofanya kwenye soli, maana nywele zikiliwa hazirudi kirahisi.

Kuseivu. Gusa Export, na kati ya maneno yanayotokea ukiona Save a copy chagua hiyo, inaacha iliyotangulia salama. Kama unataka kumtumia mtu, kumbuka apu nyingi za meseji zinaminya picha, inafika ndogo na yenye ukungu, na ukungu huo unaweza hata kuficha makosa yako lakini pia unaweza kuufanya ule uji wa kijani uonekane zaidi. Kama anaitaka kwa kuichapisha, itume kama faili, usiitume kama picha.

Kengele imebaki dakika chache. Kila mtu atafute kwenye simu yake picha moja yenye kitu kidogo kisichotakiwa kilichokaa juu ya nyasi, mchanga, anga au ukuta uliopakwa rangi moja, na kisiwe kimegusana na mtu. Mpate kopi kwanza. Wewe pale, kopi umetengeneza? Nionyeshe galari. Haya, endelea.